Ndafu ya sherehe: Isiishie kung’aa nje, pajani ikabaki mbichi

Wageni wameshakaa, mshereheshaji ametangaza, na ndafu inaingia ukumbini ikiwa na majani mdomoni. Ngozi imeiva rangi ya dhahabu. Kisu cha kwanza kinazama kwenye paja na maji mekundu yanachuruzika kwenye sinia. Watoto ndio wa kwanza kunyoosha sahani.

Ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchoma, ilitoka kwa Wachaga lakini sasa haikosi kwenye send-off na kipaimara, Karatu ikiwamo. Tatizo lake ni moja. Paja na bega ni nene, ubavu ni mwembamba, na vyote vinakaa juu ya moto mmoja.

Chukua familia inayotaka kula saa 10:00 jioni. Mbuzi mchanga wa kilo 22 akishachinjwa, kuchunwa na kutolewa utumbo hubaki karibu kilo 11. Huyo anahitaji saa nne na nusu motoni, kisha nusu saa ya kutulia kabla ya kukatwa. Mkaa, kilo 15 hadi 20, uwashwe saa 4:00 asubuhi, na mbuzi apande saa 5:00. Chumvi, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu vimeshapakwa ndani na nje tangu jana yake usiku.

Kazi ya kwanza ni kufunga uti wa mgongo kwenye bomba la chuma kwa waya, sehemu tatu au nne, kisha miguu. Usipofungwa vizuri, bomba litazunguka peke yake na mbuzi atabaki upande mmoja chini akiungua. Bomba lisiwe la mabati, kwa sababu rangi yake ya zinki ikipata moto mkali hutoa moshi wenye sumu.

Mkaa nao hautandazwi sawasawa. Subiri mpaka uvae majivu meupe, kisha uweke mafungu mawili, moja chini ya mapaja na jingine chini ya mabega. Katikati, chini ya ubavu, acha wazi. Huko ndiko mafuta mengi hudondoka, na yakigusa mkaa huwaka moto unaobabua ngozi.

Kupima moto hakuhitaji kifaa. Weka kiganja usawa wa nyama, uhesabu polepole. Ukishindwa kuvumilia kabla ya sekunde tatu, moto ni mkali; inua bomba au punguza mkaa. Ukifika sekunde tano au sita, ni sawa. Ukivuka nane, ongeza. Mkaa wa kuongeza uwashwe kwenye jiko la pembeni kwanza, kwa sababu mkaa mbichi hupooza moto na kujaza moshi. Kati ya Juni na Agosti, baridi na upepo wa Karatu huiba joto, hivyo simamisha kipande cha bati upande unaotoka upepo na ujiandae kwa saa moja zaidi.

Saa 9:00 alasiri anza kukagua. Shika muundi uuzungushe. Nyama ikiwa imejivuta juu ya mfupa na kifundo kinalegea, imekaribia. Kisha choma kisu chembamba kwenye paja nene mpaka kiguse mfupa. Maji yakitoka meupe, vizuri. Yakiwa ya waridi, bado. Rudia begani. Mwenye kipimajoto akichomeke hapo bila kugusa mfupa, na asishushe mbuzi kabla ya nyuzi 75.

Ikiwa wageni wamefika na paja bado, usiongeze moto mkali chini ya mbuzi mzima. Kata mapaja, yapasue vipande, uyarudishe juu ya mkaa. Wamaasai wa Ngorongoro huchoma hivyo tangu mwanzo: nyama hukatwa vipande, hutungwa kwenye vijiti na kusimamishwa kwa kuinama kuuzunguka moto, na kila kipande huiva kwa wakati wake.

Kuna jambo moja ambalo saa na mkaa haviwezi kurekebisha. Ngorongoro na wilaya za jirani zimewahi kupata kimeta, ugonjwa unaoua mifugo ghafla na kumwambukiza mtu anayechuna au kula mzoga. Vijidudu vyake hujifunga ganda gumu linaloweza kustahimili moto wa kuchoma. Mbuzi aliyekutwa amekufa hachunwi wala haliwi. Ataarifiwe ofisa mifugo. Wa sherehe anunuliwe akiwa hai na mzima, na nyama ipitishwe kwa mkaguzi kabla ya kufungwa kwenye bomba.