Mota ya Winchi: Anza na Mzigo, Malizia na Hosipawa

Dukani, swali la kwanza kuhusu mota ya winchi huwa ni moja: ina hosipawa ngapi? Jibu lake hupatikana kwenye jengo, kwa kujua uzito unaopandishwa, kasi ya kuupandisha, na nguvu inayopotea njiani.

Tuchukue winchi inayopandisha saruji hadi ghorofa ya tatu, mita 10 juu. Kila safari inabeba mifuko 8 ya kilo 50, yaani kilo 400. Jukwaa la chuma linaloibeba lina kilo 100, nalo halipandi bure. Basi mzigo ni kilo 500.

Fundi anataka jukwaa lifike juu kwa sekunde 30. Mita 10 kwa sekunde 30 ni mita 0.333 kwa sekunde. Kilo moja huvutwa na ardhi kwa nyutoni 9.81, hivyo kamba inabeba nyutoni 4,905. Zidisha kwa kasi, upate wati 1,635.

Hizo ni wati zinazoufikia mzigo. Mota lazima itoe zaidi, kwa sababu msuguano wa giaboksi, ngoma na puli hula sehemu yake. Tuseme giaboksi hupitisha asilimia 80 ya nguvu, na ngoma pamoja na puli asilimia 95. Ufanisi wa jumla ni 0.80 × 0.95, yaani 0.76.

```
P = m × g × v / ufanisi
P = 500 × 9.81 × 0.333 / 0.76 = wati 2,150 hivi
```

Mota ya kilowati 2.2 inaonekana kutosha, lakini haiachi akiba. Umeme wa saiti mara nyingi hushuka, na volti zikipungua kwa asilimia 10, msukumo wa mota ya kawaida hupungua kwa karibu asilimia 19. Ningechukua saizi inayofuata, kilowati 3, takriban hosipawa 4.

Giaboksi ndiyo huwaponza wengi. Ile ya skrubu inayozungusha gurudumu la meno inaweza kupitisha asilimia 60 tu. Kwa mzigo na kasi zilezile, hesabu inapanda hadi wati 2,870, na kilowati 3 inakuwa imebanwa. Hapo inafaa mota ya kilowati 4, au mzigo upande taratibu zaidi: sekunde 45 badala ya 30 hupunguza theluthi moja ya nguvu inayohitajika.

Mota iliyozidiwa hujionyesha. Hunguruma bila kunyanyua, au hupanda kwa kusuasua huku ikipata moto. Pima ampea jukwaa likiwa limejaa, ulinganishe na zilizoandikwa kwenye kibao cha mota. Zikizidi, punguza mifuko. Usiongeze kipimo cha kikata umeme, maana hicho ndicho kinachozuia koili zisiungue.

Na hosipawa hazishikilii mzigo umeme unapokatika. Kazi hiyo ni ya breki, nayo ijaribiwe jukwaa likiwa na mzigo kamili, sentimita chache tu kutoka ardhini, pasiwe na mtu chini yake.