Amriti: Kiapo cha Kuingia Khalsa

Mtoto wa Kisingasinga haingii Khalsa, jumuiya ya waliokula kiapo cha dini hiyo, kwa kuzaliwa tu. Huingia kwa hiari yake, awe mume au mke, akishafikia umri wa kuelewa anachoahidi. Guru Gobind Singh alianzisha ibada hiyo mwaka 1699 mjini Anandpur, Punjabi, alipowapa kiapo watu watano wa matabaka mbalimbali, kisha akawaomba nao wampe yeye.

Hadi leo ibada huongozwa na watu watano waliokwisha kula kiapo, mbele ya kitabu kitakatifu, Guru Granth Sahib. Anayeingia huoga, huosha nywele na kufunika kichwa. Huwa tayari amevaa alama tano: nywele zisizokatwa, kitana cha mbao cha kuzitunza, bangili ya chuma, kaptula ya pamba na kisu kiitwacho kirpani, ambacho ni cha kumlinda mnyonge wala si cha uchokozi.

Watano hao hupiga goti kuzunguka bakuli la chuma lenye maji na vipande vya sukari. Huyakoroga kwa upanga wenye makali pande mbili huku sala tano zikisomwa, na zikiisha maji hayo huwa ndiyo amriti. Kila anayeingia hukinga viganja, mkono wa kulia juu ya wa kushoto, akanywa mara tano. Kisha hunyunyiziwa mara tano machoni na mara tano kwenye nywele, na kila mara huitikia kwamba Khalsa ni ya Mungu na ushindi ni wa Mungu. Amriti inayobaki hunywewa na wote kwa zamu katika bakuli lile lile, kwa sababu mbele ya kiapo hakuna tabaka la juu wala la chini.

Hapo husomewa makatazo manne: asikate nywele za mwili wake, asile nyama iliyochinjwa kwa taratibu ya Kiislamu, asizini, wala asitumie tumbaku. Vileo navyo hakubaliwi.

Baada ya hapo siku zake hufuata utaratibu. Huamka kabla ya mapambazuko, akaoga, akalitafakari jina la Mungu na kusoma sala za asubuhi, ya kwanza ikiwa Japji. Jioni husoma Rehras, na kabla ya kulala Sohila. Hutakiwa pia kutoa sehemu ya kumi ya kipato chake.

Akiteleza kwa kosa dogo, hukiri mbele ya jumuiya na kupewa kazi ya utumishi, kama vile kuosha vyombo vya jikoni hekaluni. Akivunja mojawapo ya makatazo manne, mathalani akinyoa nywele, kiapo chake kimevunjika. Humpasa kwenda tena mbele ya watu watano, akiri kosa, apokee adhabu, kisha anywe amriti upya.