Majibu Sahihi, Programu Mbovu: Kumbukumbu Inayovuja na Vielekezi Vinavyoning'inia

Katika kozi nyingi za lugha ya C kuna zoezi lisilokwepeka. Mwanafunzi hutakiwa kuandika programu inayotunza orodha ya watu na alama zao: iongeze majina, ifute majina, mwishoni iifunge orodha nzima. Anaiandika, anaiendesha, majina yanatokea kwa mpangilio na skrini haionyeshi kosa lolote. Kisha kazi inarudi ikiwa imekatwa alama nyingi. Ana haki ya kuuliza: programu iliyotoa majibu sahihi ina kosa gani?

Kosa liko katika namna programu ilivyoazima kumbukumbu na namna ilivyoirudisha. Programu ya C inapohitaji nafasi ambayo ukubwa au idadi yake haikujulikana mapema, huiomba kwa `malloc`. Ikiomba baiti 24, hupewa anwani ya kipande cha kumbukumbu chenye angalau baiti hizo. Anwani hiyo huwekwa kwenye kielekezi, na kipande hubaki mikononi mwa programu mpaka kirudishwe kwa `free`. Java na Python zina utaratibu wao wa kukusanya vipande visivyotumika tena. C imemwachia mwandishi kazi hiyo.

Hapo ndipo yanapozaliwa makosa mawili, nayo ni ndugu. Kielekezi cha mwisho kikipotea ilhali kipande bado hakijarudishwa, hakuna tena njia ya kukirudisha, na hapo kumbukumbu imevuja. Kipande kikirudishwa lakini kielekezi kikaendelea kutumika, kielekezi hicho kinaning'inia: kina anwani ya mahali ambapo programu haina tena haki napo.

Tuchukue orodha ya watu watatu: Asha mwenye alama 78, Juma 91 na Rehema 64. Kila mmoja ana kifundo chake, na kila kifundo kinamwelekeza anayefuata.

```c
struct mwanafunzi {
    char *jina;
    int alama;
    struct mwanafunzi *anayefuata;
};
```

Kwenye kompyuta ya kawaida ya biti 64, kifundo hiki kinachukua baiti 24. Baiti 8 za kwanza ni kielekezi cha jina, 4 zinazofuata ni alama, 4 huachwa wazi ili mpangilio ukae sawa, na 8 za mwisho ni kielekezi cha anayefuata. Jina lenyewe halimo ndani ya kifundo. Limehifadhiwa kwenye kipande kingine kilichoombwa kwa `strdup`, ambayo ndani yake huita `malloc`. Kwa hiyo watu watatu wamezaa vipande sita.

Sasa orodha inafungwa. Wengi huandika hivi:

```c
while (p != NULL) {
    free(p);
    p = p->anayefuata;
}
```

Mistari hii ina makosa yote mawili. La kwanza ni uvujaji. Kurudisha kifundo hakurudishi jina, maana `free` haijui kwamba ndani ya kipande kulikuwa na kielekezi cha kipande kingine. Kifundo kilikuwa ndicho pekee chenye anwani ya jina, hivyo kikishaondoka, jina halifikiki tena. La pili ni kwamba mstari wa tatu unasoma `p->anayefuata` baada ya `p` kurudishwa. Kielekezi kinaning'inia, nacho kinatumika.

Kinachoshangaza ni kwamba kwenye Linux ya kawaida kitanzi hiki huwa kinafika mwisho bila kishindo. Sababu iko katika glibc, maktaba inayotekeleza `malloc` na `free` kwenye Ubuntu na mifumo mingine mingi ya Linux. Kipande kidogo kikirudishwa, glibc haikifuti wala haikikabidhi mara moja kwa mfumo endeshi. Inakiweka akiba ili kitumike upya, na katika matoleo yake ya miaka ya karibuni huandika kumbukumbu zake za ndani juu ya baiti 16 za mwanzo. Katika kifundo chetu, baiti hizo zilikuwa za jina na alama. Kielekezi cha anayefuata kinaanzia baiti ya 16, kwa hiyo kimesalimika. Programu inasoma kipande kisicho chake na kukuta kile kile ilichotarajia.

Mwanafunzi huyo akihamisha `anayefuata` na kukiweka juu kabisa kwenye muundo, bila kugusa kitu kingine, kitanzi kile kile kinaweza kuangusha programu hapo hapo, kwa kuwa sasa anwani ya mwenzake imeandikwa juu. Ndiyo maana programu iliyokwenda vizuri kwenye kompyuta ya nyumbani inaweza kuanguka kwenye ya msahihishaji. Kanuni za lugha hazikuahidi chochote kuhusu kusoma kipande kilichokwisha kurudishwa, na matokeo hutegemea maktaba, toleo lake na mpangilio wa muundo.

Dawa ni kuchukua anwani ya anayefuata mapema, na kurudisha cha ndani kabla ya cha nje:

```c
while (p != NULL) {
    struct mwanafunzi *baadaye = p->anayefuata;
    free(p->jina);
    free(p);
    p = baadaye;
}
```

Lipo kosa gumu zaidi kuliko hilo, maana hata kitanzi sahihi hakiliondoi. Tuseme zoezi linataka pia kukumbuka nani anaongoza. Mwanafunzi anaweka kielekezi cha pili, `bora`, kinachoelekeza kwenye kifundo cha Juma. Baadaye Juma anafutwa: jina lake linarudishwa, kisha kifundo chake. Halafu anaongezwa Neema mwenye alama 55. Programu inaomba baiti 24 kwa ajili ya kifundo kipya, na glibc, ambayo hupenda kutoa kwanza kipande cha ukubwa huo kilichorudishwa mwisho, inaitoa ile ile nafasi ya Juma. Hakuna aliyekigusa `bora`. Kikichapwa sasa, skrini inasema anayeongoza ni Neema kwa alama 55, ilhali Asha ana 78.

Ni kama namba ya simu iliyokaa muda mrefu bila kutumika, kampuni ikaigawa kwa mteja mwingine. Wewe bado umeihifadhi kwa jina la rafiki yako, unapiga, na simu inapokelewa vizuri kabisa na mtu usiyemjua.

Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kuandika `p = NULL` mara tu baada ya `free(p)`. Ni desturi nzuri, lakini inasafisha nakala moja tu ya anwani. `bora` ni nakala nyingine, nayo haibadiliki. Tena, kama `p` ni kigezo kilichopokelewa na fanksheni ya kufuta, kukiweka `NULL` ndani ya fanksheni hakukigusi kielekezi cha aliyeiita. Suluhisho hapa ni fanksheni ya kufuta kujua kwamba `bora` kipo. Kabla ya kurudisha kifundo, iulize kama ndicho kinachoelekezwa na `bora`, na kama ndivyo, imtafute upya anayeongoza miongoni mwa waliobaki. Njia nyingine ni kutokuhifadhi kielekezi cha pili kabisa, na kumtafuta anayeongoza pale tu anapohitajika. Kwa orodha ya darasa moja, kazi hiyo kompyuta haiihisi.

Kwa kuwa macho hayatoshi, kuna Valgrind, programu inayoiendesha programu yako huku ikifuatilia kila kipande kilichoombwa na kila kilichorudishwa. Amri ni mbili:

```
gcc -g -Wall orodha.c -o orodha
valgrind --leak-check=full ./orodha
```

Alama ya `-g` inahifadhi namba za mistari, ili ripoti itaje mahali hasa penye kosa. Kwa kitanzi chetu kibovu, kiini cha ripoti ni hiki:

```
Invalid read of size 8
Address ... is 16 bytes inside a block of size 24 free'd
17 bytes in 3 blocks are definitely lost
```

Sasa ripoti hii inasomeka. Mstari wa kwanza unasema programu imesoma baiti 8 isivyo halali, na 8 ni ukubwa wa kielekezi. Wa pili unasema zilikuwa baiti ya 16 kuendelea ndani ya kipande cha baiti 24 kilichokwisha kurudishwa, yaani `anayefuata` ndani ya kifundo. Wa tatu ni majina: Asha na Juma baiti 5 kila mmoja, Rehema 7, kwa sababu kila neno katika C huongezewa baiti moja ya kufungia. Jumla ni 17. Ukubwa na umbali unaotajwa na Valgrind hukuonyesha sehemu ya muundo iliyohusika hata kabla hujafungua faili.

Valgrind huligundua pia kosa la Neema. Inatumia `malloc` yake yenyewe, ambayo huviweka kando vipande vilivyorudishwa badala ya kuvigawa upya haraka. Kwa hiyo kila `bora` kinaposoma nafasi ya Juma, inapiga kelele. Kwa sababu hiyo hiyo, programu ikiendeshwa chini ya Valgrind inaweza kuchapa tofauti na inavyochapa peke yake. Tofauti hiyo yenyewe ni dalili ya ugonjwa.

Je, baiti 17 zinastahili kukatiwa alama? Programu ya zoezi ikimalizika, mfumo endeshi huchukua kumbukumbu yake yote, hivyo hasara haipo. Lakini programu ya seva haimaliziki. Ikivujisha baiti 32 kwa kila ombi na kupokea maombi 100 kwa sekunde, kwa siku moja inapoteza zaidi ya baiti milioni 276. Inazidi kunenepa siku hadi siku, mpaka mfumo unaikatisha.

Valgrind ina mpaka mmoja: huona tu njia ambazo programu ilizipita siku hiyo. Ukiwaongeza watu watatu ukafunga, haitasema lolote juu ya fanksheni ya kufuta. Kabla ya kukabidhi zoezi, mfute wa kwanza, wa katikati na wa mwisho, mfute anayeongoza, mfute asiyekuwepo, na ifunge orodha tupu. Ripoti unayoitafuta baada ya kila jaribio ni ile yenye maneno `All heap blocks were freed -- no leaks are possible` pamoja na `0 errors`. Hakikisha umeyaona yote mawili. La kwanza pekee halitoshi, maana programu inaweza kurudisha kila kipande na bado ikawa imesoma kimoja baada ya kukirudisha.