Chupa Inayorudi: Jinsi ya Kupunguza Gharama kwa Muuzaji wa Sabuni ya Maji

Wafanyabiashara wengi wadogo wa Ekerenyo, Nyamira Kaskazini, wanaotengeneza sabuni ya maji nyumbani hununua chupa mpya kwa kila lita wanayouza. Mteja akimaliza sabuni, chupa huishia shimoni au mtaroni. Fedha za muuzaji huenda nayo.

Tuchukue mfano. Tuseme sabuni ya lita 1 inagharimu shilingi 40 kutengeneza, chupa shilingi 20, na bei ni shilingi 100. Faida ni shilingi 40. Mteja akirudi na chupa yake na kuuziwa kwa shilingi 90, yeye anaokoa 10, na faida ya muuzaji inapanda hadi 50. Chupa 60 zikirudi kwa wiki, muuzaji anaongeza shilingi 600, ukitoa gharama ya maji na muda wa kuosha. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku Agosti 2017, wateja wamezoea kuja sokoni na vikapu. Kuongeza chupa ndani ya kikapu si kazi kubwa.

Kazi iko kwenye usafi. Osha chupa kwa maji vuguvugu na brashi ndefu, kwa kuwa maji yanayochemka hukunja plastiki. Isuze kwa maji safi, kisha iinamishe mdomo chini hadi ikauke kabisa. Maji yanayobaki ndani hupunguza nguvu ya dawa inayozuia sabuni kuharibika, na vijidudu huanza kuzaliana. Utajua sabuni imeharibika ikiwa nyepesi kama maji, ikibadilika rangi au ikitoa harufu ya uvundo. Usiongeze sabuni mpya juu ya masalio ya zamani, kwani uharibifu huhamia kwenye mpya. Ni rahisi kuwa na chupa za akiba: mteja akileta tupu, mpe iliyokwisha kujazwa, kisha yake uioshe bila haraka.

Pokea chupa zako pekee. Chupa iliyowekwa dawa ya mifugo, dawa ya kunyunyizia mimea au mafuta ya taa haifai hata ikioshwa. Usitumie chupa za soda wala za maji ya kunywa, maana mtoto anaweza kudhani sabuni ni kinywaji. Vilevile, chupa ya sabuni isirudi kuwekewa maziwa, asali wala chakula chochote.

Chupa yenye nembo ya kampuni nyingine usiijaze sabuni yako. Huko ni kuuza bidhaa bandia. Bandika lebo yako yenye jina la bidhaa, ujazo na tarehe ya kutengenezwa, na ibadilishe kila unapojaza upya. Alama ya ubora ya KEBS huwekwa tu na aliyepewa kibali cha kuitumia.

Anza na wateja 10 wa karibu, na uandike daftarini chupa zinazotoka na zinazorudi. Zikirudi chini ya nusu, ongeza punguzo kidogo kabla ya kununua chupa zaidi.