Kabla ya Kujibu Barua Pepe ya Matusi

Tuchukue mfugaji mwenye vizimba vya ngege ziwani, karibu na Dunga, Kisumu. Saa tatu asubuhi mnunuzi wa hoteli moja Nairobi anamwandikia: “Samaki wenu wa jana wananuka. Ninyi ni matapeli. Hatulipi hata senti.” Nakala amemtumia mhasibu. Jibu linamjia mfugaji papo hapo: “Matapeli ni ninyi! Deni la mwezi jana liko wapi? Friji zenu ndizo mbovu.”

Wapo wanaoshauri uandike hasira yote, kisha ufute. Mimi sikubali. Mwaka 2002 mtafiti wa Marekani, Brad Bushman, alichapisha jaribio ambamo watu waliokasirishwa walipiga mfuko wa ndondi huku wakimfikiria aliyewaudhi. Walibaki na hasira zaidi kuliko waliokaa tu kimya. Rasimu ya matusi nayo humrudisha mtu kwa adui yake kila sentensi. Afadhali mfugaji akalishe samaki kwanza. Atajua amepoa akiweza kueleza lalamiko la mnunuzi kwa sentensi moja isiyo na kejeli.

Ila samaki hangoji mtu apoe, na ushahidi unaweza kutupwa jaani. Kwa hiyo kabla ya kuondoka anatuma mistari miwili tu: “Nimepata ujumbe wako. Tafadhali msiwatupe samaki. Naomba picha za matamvua na za barafu iliyobaki. Nitakujibu kabla ya saa sita.”

Akirudi, analipitia lile jibu lililomjia kichwani. Neno “matapeli” halijibu kabisa, maana hata kulikana ni kuendeleza mjadala wa tabia. Deni ni la kweli, lakini litaandikiwa barua yake siku nyingine. Likiingia hapa litasomeka kama kisasi. Friji mbovu ni dhana tu, basi inageuzwa kuwa swali. Kinachobaki ni hiki:

“Habari za asubuhi. Pole kwa usumbufu wa leo. Samaki walipakiwa saa mbili usiku, wakiwa wamefunikwa barafu. Mlifungua sanduku saa ngapi, na barafu ilikuwa imebaki kiasi gani? Wakionekana waliharibika kabla ya kuwafikia, nitawaondoa kwenye ankara. Walio wazima naomba walipiwe kama kawaida.”

Anamwacha mhasibu kwenye nakala kwa sababu ameshaisoma tuhuma, lakini hamwongezi mkubwa yeyote wa hoteli. Kuongeza bosi ni kushtaki, hata maneno yakiwa laini. Utani nao anauacha: kwenye maandishi sauti haisikiki, na “sawa, mkubwa” husomeka kama dharau. Sehemu ya anwani anaijaza mwisho kabisa, kwani hata “Undo Send” ya Gmail humpa sekunde 30 tu, tena akiwa ameiweka hivyo mwenyewe.

Matusi yakirudi mara ya pili, hatumi barua nyingine ndefu. Anapiga simu, kisha anaandika kwa ufupi walichokubaliana: kilo zilizokataliwa, kilo zilizopokelewa, na tarehe ya malipo.