Habari ya baraza la madiwani inapotakiwa nusu

Mwandishi ametoka kwenye baraza la madiwani na habari ya maneno 640. Nafasi iliyobaki ukurasani inabeba 320, na mhariri msanifu ana saa moja. Wengi huanza kwa kupita sentensi moja moja, wakifuta neno hapa na kiungo pale. Wakimaliza wamebaki na maneno 520, habari imekauka, na nusu bado haijaonekana. Ndipo wanapokata aya mbili za mwisho bila kuzisoma vizuri, ilhali katika habari za baraza maamuzi hukaa mwishoni, kwa sababu mwandishi amefuata mtiririko wa kikao: sala, ufunguzi, salamu za wageni, taarifa, mjadala, kisha maazimio.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kusoma habari yote bila kugusa kitu, ukiandika pembeni mambo ambayo msomaji akiyakosa atakuwa amedanganywa au amenyimwa haki yake. Baraza limeamua nini? Uamuzi unamgusa nani, na kwa shilingi ngapi? Unaanza lini, na kuna hatua gani kabla haujaanza? Nani alipinga, na alijibiwaje? Nakala ya mwandishi ihifadhiwe kando kama ilivyo, maana utairudia.

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wa aina inayofika chumba cha habari kila robo ya mwaka. Baraza la halmashauri ya wilaya limepokea taarifa ya mapato, limekubali kupandisha ushuru wa meza sokoni, na limejadili zahanati ambayo ujenzi wake umesimama. Aya ya kwanza ya mwandishi inasomeka hivi:

“Awali akifungua kikao hicho cha baraza la madiwani kilichofanyika juzi katika ukumbi wa halmashauri na kuhudhuriwa na madiwani, wakuu wa idara na wadau mbalimbali wa maendeleo, mwenyekiti wa halmashauri alisema kuwa halmashauri imefanya vizuri katika suala zima la ukusanyaji wa mapato ambapo hadi kufikia mwishoni mwa Machi imefanikiwa kukusanya kiasi cha Sh bilioni 2.6 sawa na asilimia 65 ya lengo la kukusanya kiasi cha Sh bilioni 4 kwa mwaka wa fedha.”

Hayo ni maneno 71. Yakikatwa vizuri yanabaki 24: “Hadi mwishoni mwa Machi halmashauri ilikuwa imekusanya Sh bilioni 2.6 kati ya Sh bilioni 4 inazolenga kwa mwaka wa fedha unaoishia Juni, alisema mwenyekiti.”

Ukumbi na wahudhuriaji wameondoka kwa sababu hawabadilishi chochote. Asilimia imeondoka kwa sababu msomaji mwenye bilioni 2.6 na bilioni 4 anaweza kuipata mwenyewe. Kinyume chake hakiwezekani: ukiacha “asilimia 65” peke yake, fedha zenyewe zimepotea na hazirudi. Sifa ya mwenyekiti kwamba wamefanya vizuri imeondoka pia, na mwezi wa Juni umeongezwa. Sasa msomaji anaona mwenyewe kuwa miezi tisa kati ya kumi na miwili imekwisha. Tusimwandikie hukumu, maana mapato ya halmashauri inayotegemea mazao hayaingii sawasawa kila mwezi.

Hatari kubwa iko kwenye ushuru. Mwandishi ameandika kwamba baraza limepitisha marekebisho ya sheria ndogo, ambapo mwenye meza sokoni atalipa Sh 500 kwa siku badala ya Sh 300, na kwamba marekebisho yatapelekwa kwa waziri mwenye dhamana kabla ya kuanza kutumika. Mhariri mwenye haraka anaibana: “Wenye meza sokoni sasa watalipa Sh 500 kwa siku.” Ni fupi, inavutia, na si kweli. Sheria ndogo ya halmashauri ya wilaya haiwi sheria kwa kura za madiwani peke yake. Inahitaji idhini ya waziri na kutangazwa katika Gazeti la Serikali. Mama muuza nyanya akiisoma habari hiyo asubuhi, na mkusanya ushuru akaja mchana na bei mpya, gazeti litakuwa limemsaidia mtu kutoza fedha isiyo halali. Kipande hiki kinastahili kupewa maneno mengi kuliko kingine chochote, na kwa kuwa kinagusa mfuko wa watu wengi, ndicho kipande cha kufungulia habari: baraza limekubali kupandisha ushuru kutoka Sh 300 hadi Sh 500, lakini kiwango kipya hakitatozwa hadi hatua hizo zikamilike.

Kosa hilo lina ndugu zake. Baraza huweza kupokea taarifa bila kuikubali, kupendekeza bila kuamua, au kumwagiza mkurugenzi alete maelezo. Yote hayo yakigeuzwa “limepitisha” kwa sababu neno ni moja na linatosha, ukweli umebadilika bila urefu kupungua kwa kiasi cha maana.

Zahanati ndiyo inayokula maneno mengi zaidi, kwa sababu madiwani wanne wamezungumza kwa zamu na mwandishi amewapa kila mmoja aya yake. Diwani wa kata husika amesema fundi aliondoka Januari akidai Sh milioni 18. Wawili wamesema inasikitisha. Hao wawili wanaingia kwenye sentensi moja, au wanaachwa kabisa. Wa nne naye anaonekana kama analalamika tu, lakini katikati ya maneno yake amesema ukuta wa nyuma umeanza kupasuka. Hiyo ni habari mpya, na ukiandika “madiwani wengine waliunga mkono hoja hiyo” umeizika. Kabla ya kuwafunga wasemaji pamoja, soma kila mmoja ukitafuta kitu ambacho mwenzake hakusema.

Mkurugenzi amejibu kwamba malipo yamesimama kwa kuwa mhandisi wa halmashauri hajathibitisha ubora wa kazi. Jibu lake ni la aya tatu, na linaweza kukaa kwenye sentensi moja, lakini haliwezi kukosekana. Dai likibaki, jibu linabaki jirani yake. Kama nafasi haitoshi kwa vyote viwili, viondoke vyote viwili. Nukuu ni moja tu, ile ambayo maneno yake yenyewe yana uzito. Mara nyingi mwandishi huandika jambo kwa maneno yake kisha akaweka nukuu inayorudia lilelile. Mojawapo liondoke. Kilicho ndani ya alama za kunukuu hakifupishwi kimyakimya. Ama kinabaki kilivyo, ama kinatolewa na kuelezwa.

Sasa rudi kwenye nakala uliyoihifadhi na ulinganishe tarakimu, vyeo na tarehe, moja baada ya nyingine. Angalia hasa maneno kama “hicho”, “huyo” na “fedha hizo”. Aya ya kati ikishatolewa, “fedha hizo” za zahanati huweza kujikuta zikisimama baada ya ushuru wa soko, na hakuna kikagua tahajia kitakachokuambia. Kisha mpigie mwandishi umsomee toleo fupi, maana yeye ndiye aliyekuwa ukumbini.

Wakati mwingine 320 haitoshi kwa mambo matatu, na dalili yake ni kwamba kila sentensi unayoigusa inatoa kitu kilicho kwenye orodha yako ya pembeni. Hapo acha kukata. Chapisha ushuru na mapato leo kwa maneno 200 hivi, tumia yaliyobaki kwa habari nyingine ya ukurasa huo, na mwombe mwandishi aende kwenye zahanati kesho apige picha ule ukuta.