Ndoo ya Maji Haiharibu Mimba

Mimba changa inapoharibika, mke huulizwa: ulibeba nini, uligombana na nani? Ilhali takriban nusu ya mimba zinazoharibika mapema huwa na kasoro ya kromosomu, nyuzi ndogo ndani ya seli zenye maelekezo ya kuujenga mwili.

Mtoto hupokea kromosomu 23 kwa mama na 23 kwa baba, jumla 46. Mara nyingine yai hukomaa likiwa na kromosomu namba 16 mbili badala ya moja. Likikutana na mbegu ya baba, jumla huwa 47, na kijusi hakiwezi kuendelea kukua. Kosa hilo hutangulia mimba yenyewe, na huongezeka kadiri umri wa mama unavyosonga.

Aghalabu kijusi huwa kimekwishakufa siku au wiki kadhaa kabla ya damu kutoka. Basi ndoo ya jana, ugomvi au tendo la ndoa havikuwa sababu.

Hata hivyo, malaria yaweza kuharibu mimba. Homa, damu nyingi au uchafu wenye harufu mbaya humpasa mama kufikishwa kituo cha afya siku hiyo hiyo.